Nani Kasema, Nini Kimelia: Kunakili Ukurasa wa Katuni

Kama unapika, endelea kupika. Kama uko safarini, safari njema. Ila kama una gazeti la katuni karibu, lisogeze, maana leo litatufaa.

Mada yetu ni hii: una ukurasa mmoja wa hadithi ya katuni, nawe unataka kuyatoa maneno yake yote na kuyaandika kwenye karatasi, kauli za wahusika zikifuatana jinsi zinavyosomwa, milio ikae peke yake, na maneno ya msimulizi yakae peke yake. Kazi hiyo inafanywaje?

Utaniuliza, nani anahitaji kazi kama hiyo? Mfasiri anaihitaji kabla hajaanza kufasiri. Mtu anayemsomea ndugu yake asiyeona anaihitaji. Nasi watu wa redio tunaihitaji sana. Wasikilizaji wetu wa Kenya wanaikumbuka *Shujaaz*, iliyoanza mwaka 2010, ikatoka kama katuni na pia kama kipindi cha redio. Ukitaka kuupeleka ukurasa wa katuni redioni, waigizaji watachukua kauli, msimulizi atachukua visanduku vyake, na fundi wa sauti atachukua milio. Watu watatu, orodha tatu. Ndiyo maana tunazitenga.

Lakini nisikilizeni hapa, maana hili ndilo kubwa la leo, na nitalirudia: kutenga si kutupa mbali. Kila mlio unaoutoa kwenye picha lazima ubaki na anwani yake, inayosema umetoka fremu gani, na umelia kabla au baada ya kauli ipi. Usipoandika anwani utabaki na rundo la "PAA" na "KWIII" ambalo hakuna atakayejua la kulifanyia.

Haya, tufanye kazi kwa mfano. Nimeubuni ukurasa mmoja, nanyi muuone kwa macho ya akili. Una safu tatu. Safu ya juu ni fremu moja pana, kutoka ukingo hadi ukingo. Safu ya kati ina fremu moja ndefu upande wa kushoto, na upande wa kulia fremu mbili ndogo zimepandana, moja juu ya nyingine. Safu ya chini ina fremu mbili za kawaida, sambamba. Jumla fremu sita.

Hadithi yenyewe ni ya usiku. Mzee Kombo amelala na mkewe, Bi Chiku, katika nyumba ya bati. Kitu kinaanguka juu ya paa. Bi Chiku anashtuka, mzee anadhani ni mwizi, jirani anakuja, na mwisho inajulikana kwamba aliyekuwa akigonga bati ni embe dodo.

Hatua ya kwanza ni ipi? Wengi hukimbilia kuandika maneno. Hapana. Chukua penseli, uzipe fremu namba kwanza. Kabla ya neno lolote, namba.

Na namba zinapangwaje? Tazama mianya, ile mistari myeupe kati ya fremu na fremu. Kwanza tafuta mwanya unaokata ukurasa mzima, kutoka kushoto hadi kulia bila kukatizwa. Huo unatenganisha safu na safu. Kisha ingia ndani ya kila safu, utafute mwanya wa wima unaoshuka kutoka juu ya safu hadi chini yake. Huo unaikata safu vipande, na kila kipande unakimaliza chote kabla ya kuhamia kingine.

Kwenye ukurasa wetu, fremu pana ya juu ni namba moja. Katika safu ya kati, mwanya wa wima unashuka safu nzima, kwa hiyo ile ndefu ya kushoto ni namba mbili. Kipande cha kulia kimekatwa katikati: ya juu ni namba tatu, ya chini ni namba nne. Safu ya mwisho, tano na sita.

Hapo ni rahisi. Sasa geuza: hizo mbili ndogo ziwe kushoto, na ile ndefu iwe kulia. Utafanyaje? Hapa ndipo watu hukosea. Wanasoma ndogo ya juu, wanaruka kulia kwenye ile ndefu, halafu wanarudi kushoto kuitafuta ndogo ya chini. Lakini ukifuata mianya utaona kwamba zile mbili za kushoto ni kipande kimoja, na kipande humalizwa kwanza. Mtafiti Mmarekani Neil Cohn aliwapa watu kurasa zenye fremu tupu, zisizo na picha wala maneno, akawaambia wazipange kwa namba. Walipokutana na mpangilio wa namna hii, wengi walishuka chini kwanza, ndipo wakavuka. Kwa hiyo mwanya unaofuatwa na jicho ndio huo unaotakiwa ufuatwe na penseli yako.

Kuna jambo dogo kabla hatujasonga. Fremu isiyo na neno hata moja nayo hupewa namba. Kwenye karatasi yako utaandika, "Fremu fulani: haina maneno." Ukiiruka kwa sababu haina la kunakili, namba zote zinazofuata zitakuwa za uongo, na fundi wa sauti atapeleka mlio wa mlango wa fremu ya nne kwenye fremu ya tatu.

Hatua ya pili, kauli. Kauli ni maneno yaliyo ndani ya kiputo chenye mkia, na mkia ndio unaomtaja msemaji. Ndani ya fremu moja viputo vinaweza kuwa viwili, vitatu, vinne. Unaanza na kipi?

Watu wengi watajibu upesi: kushoto kwenda kulia, kama tunavyosoma kitabu. Jibu hilo ni nusu. Katika fremu, kiputo kilicho juu zaidi ndicho husomwa kwanza. Viputo vikiwa karibu usawa mmoja, ndipo upande wa kushoto unatangulia. Narudia: juu kwanza, kushoto baadaye. Na usitazame mtu amesimama wapi. Tazama kiputo chake kimekaa wapi.

Twende fremu ya pili ya ukurasa wetu, ile ndefu. Bi Chiku amekaa kitandani upande wa kulia. Mzee Kombo amelala kushoto. Juu kabisa, upande wa kulia, kuna kiputo cha Bi Chiku: "Baba Saidi, amka! Umesikia?" Chini yake kidogo, kushoto, kiputo cha mzee: "Mmh... nini tena?" Chini zaidi, kulia tena, kiputo cha tatu: "Kuna mtu juu ya bati!" Hiki cha tatu hakina mkia wake. Kimeunganishwa na kile cha kwanza cha Bi Chiku kwa kishingo chembamba kinachopita pembeni.

Sasa tazameni makosa mawili yanayonyemelea hapo. Anayefuata kushoto tu ataanza na mzee, "Mmh... nini tena?" Mzee atakuwa amejibu kabla hajaamshwa! Na anayeona kile kishingo atasema, ah, hivi viputo viwili ni vya mtu mmoja, wacha nivisome pamoja. Atapata, "Baba Saidi, amka! Umesikia? Kuna mtu juu ya bati!" Kisha mzee anauliza, "Nini tena?" Naye ameshaambiwa kuna mtu juu ya bati. Kishingo kinakuonyesha kwamba msemaji ni yule yule, lakini hakikuruhusu kuruka maneno ya mwenzake yaliyoingia katikati. Mpangilio sahihi ni Bi Chiku, Mzee Kombo, Bi Chiku.

Mmeona kipimo chetu? Ukishapanga, soma kwa sauti. Kama jibu limetangulia swali, au mtu anauliza alichokwisha kuambiwa, rudi kwenye picha. Mchoraji anaweza kuwa amekosea, hilo hutokea, lakini mara nyingi ni sisi tuliokosea.

Fremu ya tatu ina kauli moja, na si ya mdomoni. Umbo lake ni la wingu, na badala ya mkia kuna vijiduara vidogo vinavyoelekea kichwani mwa mzee: "Mwizi! Na panga nimemwazima jirani." Hilo ni wazo. Linakaa kwenye orodha ya kauli, kwa mfuatano wake, ila unaandika mbele yake neno "anawaza". Usipoandika hivyo, mwigizaji atalisema kwa sauti, na mkewe atalisikia.

Fremu ya nne ina mtego mwingine. Mlango unafunguka gizani, na kuna kiputo ambacho mkia wake unaelekea ukingoni mwa fremu, mahali pasipo na mtu: "Mzee Kombo, kuna nini huko?" Nani huyo? Wewe ulishausoma ukurasa wote, unajua ni jirani, maana fremu ya sita anaonekana na lile panga aliloazimwa. Lakini usiandike "jirani". Andika "sauti kutoka nje ya fremu". Mchoraji amemficha kwa makusudi, msomaji naye ahangaike kidogo pamoja na mzee. Ukimtaja mapema umeiharibu hadithi. Pembeni unaweza kumwekea mfasiri au mwongozaji alama: "ni jirani, tazama fremu ya sita."

Hatua ya tatu, milio. Milio ni herufi zinazochorwa nje ya viputo, kubwa, zimepinda, zimetawanyika juu ya picha. Kwenye ukurasa wetu, fremu ya kwanza haina kauli hata moja, lakini ina milio miwili: "KHRRR", mzee anakoroma, na "PAA!" juu ya paa. Fremu ya tatu ina "PAA!" ya pili. Fremu ya nne ina "KWIII" ya mlango. Kisha kuna "GARAGARAGARA", embe linabingirika juu ya bati, na herufi zake zinaanzia fremu ya tano, zinavuka mwanya, zinaishia ya sita. Mwisho kabisa, "KO!" kwenye kichwa cha mzee.

Hiyo "GARAGARAGARA" utaiandika mara ngapi? Mara moja. Ni mlio mmoja unaopita katika fremu mbili, na anwani yake ni "fremu ya tano hadi ya sita". Ukiuandika mara mbili, redioni yatabingirika maembe mawili.

Na ile "KHRRR"? Mkoromo umetoka kooni mwa mtu. Je, ni kauli au mlio? Wachoraji hawafanani hapa. Mmoja huuacha ukielea juu ya kitanda, mwingine huufungia ndani ya kiputo. Kanuni yangu ni kufuata kiputo. Kikiwapo kiputo chenye mkia, ni kauli, hata kama ndani yake mna chafya tupu. Kisipokuwapo, ni mlio. Wewe unaweza kuchagua kanuni nyingine, sina ugomvi, ila iandike juu ya karatasi yako na uifuate hadi mwisho. Ukibadilisha katikati, atakayekuja baada yako hataelewa kwa nini mkoromo wa fremu ya kwanza uko huku na wa fremu ya kumi uko kule.

Sasa turudi kwenye anwani. Mkumbuke Bi Chiku: "Baba Saidi, amka! Umesikia?" Asikie nini? Asikie ile "PAA!" ya fremu ya kwanza. Kwenye orodha ya kauli huioni, kwa sababu umeitoa. Kwa hiyo kwenye orodha ya milio unaandika: "Fremu ya kwanza, PAA!, juu ya paa, kabla ya kauli ya kwanza ya fremu ya pili." Na ile ya pili: "Fremu ya tatu, PAA!, juu ya paa, kabla ya wazo la mzee." Maneno machache tu, na fundi wa sauti anajua aweke kidole chake wapi. Orodha zimetengana, lakini kauli bado inajua imeshtuliwa na mlio gani.

Hatua ya nne, masimulizi. Hivi ni visanduku vya pembe nne, visivyo na mkia. Tunavyo viwili. Fremu ya kwanza, juu kushoto: "Usiku wa manane, nyumbani kwa Mzee Kombo." Fremu ya sita, chini kulia: "Na msimu ndio kwanza umeanza." Wapo wanaodhani kisanduku husomwa kwanza kila mara, kwa kuwa tumezoea kukiona juu. Si hivyo. Hiki cha mwisho kimewekwa chini ili kiyafuate maneno ya jirani, "Mwizi wako huyo, mzee. Embe dodo!" Kikitangulia, kichekesho kimekufa. Kwa hiyo kisanduku nacho kinaandikiwa anwani: kabla ya kauli ipi, baada ya kauli ipi.

Kuna kisanduku kimoja cha kukiangalia kwa macho mawili. Ukikuta kisanduku chenye alama za kunukuu, mara nyingi si msimulizi anayesema. Ni mhusika wa fremu iliyotangulia, maneno yake yanaendelea wakati picha imekwisha kuhamia mahali pengine. Hiyo ni kauli, mpe mwenyewe.

Na je, kuna maneno yasiyoingia popote? Yapo. Fremu ya nne, kwenye kamba karibu na mlango, imeanikwa kanga yenye jina lake: "Mgeni njoo mwenyeji apone." Hakuna aliyelisema, halijalia, na msimulizi hakulisimulia. Ni sehemu ya mandhari, kama vile kibao cha duka au jina la kituo kwenye daladala. Wekea maneno ya namna hii orodha yao fupi, lakini usiyaache. Mchoraji hakuianika kanga ile pale bure, usiku jirani anapoingia bila kuitwa.

Tuje kwenye maandishi yenyewe. Hapa Kiswahili chetu kina mtihani wake. Vitenzi vyetu ni virefu na viputo ni vyembamba. Fremu ya tano mzee ameshika tochi anapiga kelele: "We-we-wewe! Shuka kabla sijakufuata huko juu!" Ndani ya kiputo, neno "sijakufuata" limekatwa. Mstari mmoja una "sijaku" na kistari, mstari wa chini una "fuata". Kistari hicho kimeletwa na wembamba wa kiputo. Kifute, uunganishe neno. Lakini "We-we-wewe" ina vistari pia. Hivyo usivifute, kwa sababu ni woga wa mzee, anatetemeka. Utavitofautishaje? Tazama kistari kiko wapi. Kilicho mwishoni mwa mstari kina mashaka, kilicho katikati ya mstari ni cha mwandishi.

Mengine yote yaache kama yalivyo. Mhusika akisema "nshachoka", usimwandikie "nimeshachoka". Kama neno limefutika au limefunikwa na doa la wino, andika katika mabano "haisomeki", usibahatishe. Na ukiona shaka katika ng'ombe au ng'ambo, chunguza vizuri, maana kwenye herufi za mkono ile alama ya ng' hupotea kwa urahisi.

Wasikilizaji wetu wa Maskati na Abu Dhabi watakuwa wananingoja hapa. Wanaijua *Majid*, gazeti la watoto la Kiarabu lililoanza Abu Dhabi mwaka 1979. Katuni za Kiarabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, fremu kwa fremu na kiputo kwa kiputo, na za Kijapani vilevile. Zile za Kijapani zikifasiriwa, mara nyingi huachwa hivyo hivyo, maneno yakienda kushoto kwenda kulia lakini fremu zikienda kulia kwenda kushoto. Kanuni ya juu kwanza inabaki, mianya inabaki, upande tu ndio unaogeuka. Kwa hiyo mstari wa kwanza kabisa wa karatasi yako uwe mwelekeo wa kusoma. Kwa Juha Kalulu wa *Taifa Leo* au katuni za *Sani* utaandika "kushoto kwenda kulia", na kazi inaanza.

Tumalizie na ukaguzi. Kwanza, hesabu. Kwenye ukurasa wetu kuna kauli saba pamoja na lile wazo, milio sita, visanduku viwili, na kanga moja. Jumla vipande 16. Rudi kwenye picha uvihesabu kwa kidole bila kutazama karatasi. Ukipata 16, vizuri. Ukipata 17, kuna kilichojificha, na kwa kawaida ni mlio mdogo pembeni au kiputo cha neno moja.

Pili, tafuta msaidizi. Wewe usome orodha zako kwa kufuata anwani, yeye aushike ukurasa na afuate kwa kidole. Kidole chake kikiruka mbele kisha kikarudi nyuma, pawekee alama mahali hapo. Mkishamaliza, mpe orodha mtu wa tatu ambaye hajauona ukurasa, na umuulize swali moja tu: ni nini kilichoanguka juu ya bati, na mzee alikijua lini? Akijibu kwamba ni embe, na kwamba mzee alilijua baada ya kupigwa kichwani, nakala yako iko tayari kwenda kwa waigizaji.

Kwa leo muda wetu umekwisha. Kama mna ukurasa wa kujaribia, anzeni na wenye fremu nne au tano, mzipe namba kwa penseli kabla ya kuandika neno. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutaendelea na ukurasa huu huu wa Mzee Kombo, tuone jinsi orodha hizi tatu zinavyogeuzwa kuwa mchezo wa redio wa dakika mbili. Hadi wakati huo, kwaherini.